UKIMWI, Ukimwi au ukimwi: uandike lipi?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napitia prufu ya kijitabu cha afya chenye kurasa 48, kazi ya shirika moja dogo ambalo sina haja ya kulitaja. Ukurasa wa 6 umeandikwa UKIMWI. Ukurasa wa 9 umeandikwa Ukimwi. Ukurasa wa 31 una vyote viwili ndani ya aya moja, na chini ya picha ya mama aliyeshika kadi ya kliniki kuna ukimwi kwa herufi ndogo tupu, kana kwamba ni surua au malaria. Nikampigia mwandishi.

"Dada, wewe mwenyewe unataka lipi katika haya matatu?"

Akacheka. "Kaka, si yote yanasomeka? Mwenye kuelewa ataelewa."

Kueleweka, yanaeleweka. Lakini kila moja linamwambia msomaji jambo tofauti kuhusu neno lenyewe. La kwanza linasema hiki ni kifupisho, kuna maneno yamefichwa humu. La pili linasema hili ni jina, kama Asha au Mwanza. La tatu linasema hili ni neno la Kiswahili kama mengine, soma uendelee. Kijitabu kimoja hakiwezi kusema yote matatu kwa mpigo, kwa hiyo lazima uchague, na ili uchague vizuri inafaa kwanza uone neno lilivyotengenezwa.

Silabi, si herufi

Jina la Kiingereza la ugonjwa huu, AIDS, lilianza kutumika mwaka 1982. Toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lilitoka 1981, kwa hiyo hata ungelipekua ukurasa kwa ukurasa usingeambulia kitu. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa huko hawakungoja wanaisimu. Waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda. Wengine walisema silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba, kwa jinsi mgonjwa alivyokonda. Mjini nako vijana wakalichukua lile neno la Kiingereza wakalipa kirefu chao wenyewe: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mzaha mchungu, ila kwa mtu wa lugha una somo ndani yake. Unaonyesha kwamba watu walijua AIDS ni herufi zinazosubiri maneno, wakayajaza maneno wanayotaka.

Neno la Kiswahili lilitungwa kwa namna nyingine kabisa. Kirefu chake ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Wapo wanaosema Ukosefu wa Kinga Mwilini, na kifupisho hakibadiliki, ingawa upungufu ndio sahihi kitabibu kwa sababu kinga hupungua hatua kwa hatua, haitoweki siku moja. Sasa jaribu kulifupisha jina hilo kwa mtindo wa Kiingereza, herufi ya kwanza ya kila neno kuu. Unapata UKM. Hilo halitamkiki. Utalisoma herufi moja moja, kama JKT au KKKT, na litabaki hivyo hadi mwisho wa dunia.

Waliolitunga hawakuchukua herufi, walichukua silabi. U kutoka upungufu, ki kutoka kinga, mwi kutoka mwilini. Kile kiunganishi "wa" kikaachwa njiani. Matokeo yake ni silabi tatu zinazoishia kwa irabu, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida yetu: u-KI-mwi. Mtoto anayejifunza kusoma darasa la kwanza analitamka bila kufundishwa. Tangu siku ya kwanza lilikuwa limevaa umbo la neno, na herufi kubwa lilivalishwa tu kwa kufuata desturi ya AIDS.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya wapenzi wa herufi kubwa inapopwaya. Wanasema herufi kubwa zinaonyesha kwamba kila herufi inasimama badala ya neno. Lakini UKIMWI lina herufi sita na kirefu chake kina maneno matatu makuu. Kati ya hizo sita, zinazoanzisha maneno ni tatu tu: U, K na M. Hizo nyingine ni za kukamilisha silabi. Kama kweli tungefuata kanuni hiyo, tungeandika UKiMwi, na sijamwona mhariri mwenye ujasiri huo. VVU ndicho kifupisho cha herufi hasa: V ya virusi, V ya vya, U ya ukimwi. Hapo kila herufi ina mwenyewe.

Aya moja, nguo tatu

Chukua aya hii kutoka kijitabu kilekile, nikiwa nimeipunguza kidogo. Kwanza kwa herufi kubwa zote:

*Mama mjamzito hupimwa kaswende, malaria na VVU siku ya kwanza anapofika kliniki. Akikutwa na VVU haimaanishi kwamba ana UKIMWI. Akianza dawa mapema, UKIMWI unaweza usimfikie kabisa, na mtoto anaweza kuzaliwa salama.*

Kisha kwa herufi kubwa moja:

*Akikutwa na VVU haimaanishi kwamba ana Ukimwi. Akianza dawa mapema, Ukimwi unaweza usimfikie kabisa.*

Na kwa herufi ndogo:

*Akikutwa na VVU haimaanishi kwamba ana ukimwi. Akianza dawa mapema, ukimwi unaweza usimfikie kabisa.*

Isome ya kwanza ukiwa umeiweka mbali kidogo na macho. Kabla hujasoma neno lolote umeshaliona UKIMWI mara mbili. Kaswende na malaria zimetulia kwenye mstari, huyu mmoja anapiga kelele. Kwenye bango la barabarani huenda ndicho unachokitaka. Kwenye kijitabu ambacho mama atakisoma akiwa kwenye benchi la kliniki, jirani yake akichungulia begani, si jambo dogo. Faida ya umbo hili ni moja, nayo ni ya kweli: msomaji anajua kuna kirefu, na akitaka atakitafuta. Ndiyo maana linafaa mahali pale neno linapotajwa mara ya kwanza na kirefu chake kando yake, na katika majina rasmi ambayo wenyewe wameyaandika hivyo.

Umbo la pili, Ukimwi, ndilo utakalolikuta kwenye magazeti mengi, na nadhani limeenea kwa sababu linaonekana la kati, halimuudhi mtu. Kwangu mimi ndilo lenye utetezi dhaifu kuliko yote. Herufi kubwa mwanzoni mwa neno katikati ya sentensi, kwa Kiswahili, ni alama ya jina la pekee. Tunaandika Kagera, Jumatatu, Mwislamu. Hatuandiki Malaria wala Kipindupindu. Ukiandika "malaria, kifua kikuu na Ukimwi", umewapanga watatu kwenye foleni moja kisha mmoja ukamvika kofia, na ukiulizwa kwa nini huna jibu zaidi ya kwamba ndivyo gazeti lifanyavyo.

Gazeti lina sababu yake, lakini ni sababu ya majina. Chumba cha habari kinachoandika Takukuru na Chadema badala ya TAKUKURU na CHADEMA kimefanya jambo la maana: vifupisho hivyo vinatamkika kama maneno, na vinataja taasisi moja na chama kimoja, kwa hiyo vimekuwa majina ya pekee na herufi kubwa moja inavitosha. Kosa huingia pale kanuni hiyohiyo inapopakwa juu ya kila kitu kilichowahi kuwa kifupisho. Takukuru ni moja nchini. Ukimwi hauna ofisi.

Umbo la tatu ndilo ninalolipendelea kwa maandishi ya kawaida. Ila sitaki ulichukue kwa sababu ya macho peke yake, kwa kuwa macho ni mazoea. Lichukue kwa sababu sarufi imeshalikubali.

Utajuaje kwamba kifupisho kimegeuka neno

Kipimo cha kwanza ni upatanisho. Sikiliza watu: ukimwi umepungua, ukimwi wenyewe, dalili zake ni hizi, ukimwi huu. Wanapatanisha kwa u-, bila kusita. Unaweza kudai kwamba wanapatanisha na neno upungufu lililojificha ndani, na kweli upungufu liko ngeli hiyohiyo. Lakini muulize anayesema "ukimwi umepungua" kama anamaanisha upungufu umepungua. Hamaanishi. Anapatanisha na ile u- anayoiona mwanzoni, kama anavyofanya kwa ukoma na ukurutu. Bahati imekutanisha silabi ya kwanza ya kifupisho na kiambishi cha ngeli, na kuanzia hapo neno likatembea lenyewe.

MKUKUTA ulipata bahati kama hiyo. Ulikuwa Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, ulioanza 2005, na ukawa na m- ya ngeli tayari mdomoni. Viongozi walisema MKUKUTA umetekelezwa, MKUKUTA wa pili umeanza. Ila ulikuwa jina la mpango mmoja, na mpango ulipokwisha jina likaenda nao. Umbo zuri peke yake halitoshi, lazima kitu chenyewe kiwepo kila siku kwenye midomo ya watu.

Kipimo cha pili ndicho kinachonifurahisha zaidi: neno likishakubaliwa, watu huanza kulikata na kuliunga. Mfano bora hata si kifupisho cha Kiswahili. Vile vikundi vya kuweka na kukopa vya mtaani viliingia na kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya benki za jamii za vijijini, VICOBA. Wanachama wakaona vi- mwanzoni. Kwa Mswahili vi- ni wingi, na wingi wa vi- una umoja wa ki-. Basi wakazalisha umoja ambao hakuna aliyeutunga ofisini: kikoba. Leo mama atakuambia "nacheza kikoba, kesho nina marejesho," na vikundi viwili ni vikoba viwili. C imegeuka k, herufi kubwa zimeyeyuka, na kwa kuwa lugha ilikuwa tayari na kikoba, yaani mfuko mdogo, neno limepata hata sura ya mahali pa kuwekea hela. Ukimwandikia mama huyo "VICOBA cha akina mama", umemwandikia kitu ambacho hakitumii.

Linganisha na TEHAMA, Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Hili limo nusu ya safari. Linatamkika, lina mkazo wake, linapatanishwa kwa i- kama teknolojia: tehama imerahisisha kazi. Si jina la pekee, maana hakuna tehama moja yenye anwani. Limeanza hata kupokea viambishi, na hapo ndipo herufi kubwa zinapoumbua maandishi. Nimekuta mara nyingi katika hati za ofisi "vifaa vya kiTEHAMA", neno lililoanza kwa kunong'ona likamalizia kwa kufoka. Andika kitehama. Ukiona kifupisho kinahitaji kiambishi mbele yake na herufi kubwa zinakukwaza, sarufi imeshapita, wewe ndiye uliyebaki nyuma. Azaki nayo, yaani asasi za kiraia, naiweka kundi hili: azaki zimetoa tamko, azaki za vijana. Inafurahisha kwamba humu kiunganishi "za" hakikuachwa, ndicho kilichotoa silabi ya katikati, na ndicho kinachofanya upatanisho wa zi- usikike wa asili.

Kipimo cha tatu ni kusahau. Watu wakisahau kirefu huanza kukirudia bila kujijua. Ukisikia "virusi vya VVU", mtu huyo amesema virusi vya virusi vya ukimwi, na hajagundua. Wasahihishaji hupenda kupiga mstari mwekundu hapo, nami hupiga, lakini najua ninachokiona: kwa msemaji huyo VVU ni jina tu.

Pale herufi ndogo zinapoharibu

Kuna vifupisho ambavyo sitavishusha hata kama vinatamkika vizuri kiasi gani, kwa kuwa chini yake tayari kuna mwenye nyumba. UMATI ni chama cha uzazi na malezi bora Tanzania. Ukiandika "umati umefungua kliniki", msomaji ataona halaiki ya watu imevamia mlango. UKUTA ni chama cha washairi, na mwaka 2016 likawa pia jina la operesheni ya kisiasa. Kwa herufi ndogo ni tofali na saruji. Haya yana kituko chake, kwa sababu waliyatunga makusudi yafanane na maneno yaliyopo ili yakumbukwe. Utani huo unahitaji herufi kubwa ili uonekane. Hata Umati na Ukuta havitoshi, kwa kuwa mwanzoni mwa sentensi maneno yale ya kawaida nayo huanza kwa herufi kubwa.

Ukimwi halina mgongano huo. Hakuna neno jingine ukimwi katika lugha.

VVU liache lilivyo. Halitamkiki kama neno, na vvu kwa herufi ndogo linaonekana kama kosa la kidole kwenye simu. Shida ya VVU ni upatanisho. Utasikia VVU vinaambukizwa, na utasikia VVU inaambukizwa. Mimi hufuata virusi: VVU vinaambukizwa. Neno virusi lenyewe limepita njia ileile ya kikoba. Liliingia kama mkopo, watu wakaona vi-, wakatoa umoja kirusi. Hapo herufi kubwa ina kazi ya kweli: kirusi kinakuingia mwilini, Kirusi unajifunza darasani.

Na UVIKO-19? Ulitungwa kwa ustadi uleule wa silabi: u ya ugonjwa, vi ya virusi, ko ya korona. Una u- ya ngeli, unatamkika, watu wa ofisini wanasema UVIKO-19 umeathiri uchumi. Lakini haukushuka mtaani. Ile namba mkiani inaukumbusha kila mara kwamba ni hati, na mtaani tayari kulikuwa na korona, neno jepesi lililotangulia. Ukimwi ulikuwa na washindani pia, Juliana na silimu, baadaye ngoma na miwaya, ila hao walikuwa majina ya kufichia. Mtu alipotaka kusema waziwazi alikuwa na neno moja tu.

Wenzetu wa mashariki ya Kongo, Burundi na Rwanda wametumia sida, kutoka Kifaransa. Wafaransa wenyewe walilishusha SIDA likawa sida zamani, likaandikwa kama jina la kawaida la ugonjwa. Kwa hiyo ukiandaa maandishi ya Kiswahili yatakayosomwa Bukavu na Kigoma kwa pamoja, ukimwi kwa herufi ndogo ndilo litakaloketi vizuri jirani na sida. Waandishi wengi wa Kiingereza wamebaki na AIDS kwa herufi kubwa, ingawa vifupisho vyao vingine wamevishusha hadi vikatufikia vikiwa maneno kamili: rada na leza yote mawili yalianza hivyo, na sijawahi kuona mtu akiandika RADA kwa Kiswahili.

Jambo ambalo si la herufi

Kabla ya kurudi kwenye prufu, kuna uchaguzi mmoja ambao hujificha nyuma ya huu wa herufi, nao ni mzito zaidi. Waandishi wengi hutumia ukimwi na VVU kana kwamba ni maumbo mawili ya neno moja, wakibadilishana ili wasirudierudie. VVU ni virusi. Ukimwi ni hali anayofikia mtu baada ya virusi hivyo kushusha kinga kwa muda mrefu, hadi magonjwa nyemelezi yanapata nafasi. Kipimo cha damu cha kliniki hutafuta dalili za VVU. Kwa hiyo "kupima ukimwi", ingawa kila mtu anasema hivyo, kwenye kijitabu cha afya hulibadilisha kuwa kupima VVU. Na "mgonjwa wa ukimwi" kwa mtu ambaye anameza dawa zake na anakwenda shambani kila siku ni kosa la habari, hata ukiliandika kwa herufi za aina gani. Anayeishi na VVU, inatosha. Serikali na vikundi vina WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, lililotungwa kwa silabi na likapewa wa- ya watu: WAVIU wanapata dawa bure. Kwa umbo liko tayari kuwa neno. Kwa umoja, sarufi inakusukuma useme mviu, na mimi hapo husita. Sioni haja ya kumpa mtu mmoja jina linaloanza na kuishia kwenye virusi vyake.

Kijitabu changu

Nilianza kwa kuhesabu. Faili nililibadilisha kuwa maandishi matupu, nikaandika amri hii:

```
grep -oiw "ukimwi" kijitabu.txt | sort | uniq -c
```

Inatoa kila umbo na idadi yake:

```
     41 UKIMWI
     27 Ukimwi
     12 ukimwi
```

Kama hutumii amri za namna hii, kisanduku cha kutafuta kwenye Word kinafanya kazi hiyo ukiwasha `Match case`; utahesabu mara tatu badala ya moja.

Hesabu hiyo inadanganya kidogo. Katika zile 27 za Ukimwi, 19 zilikuwa mwanzo wa sentensi, ambako hata kipindupindu huanza kwa herufi kubwa. Hizo sikuzigusa. Zilizobaki 8 nikazishusha. Katika zile 41, sita zilikuwa ndani ya majina rasmi: Tume ya Kudhibiti UKIMWI, iliyoundwa 2001, Siku ya UKIMWI Duniani ya tarehe 1 Desemba, na jina la sheria ya mwaka 2008. Jina rasmi huliandika kama mwenyewe anavyoliandika, hata kama aya nzima inayolizunguka ina herufi ndogo. Tatu zilikuwa vichwa vya sura, ambavyo msanifu alivipanga kwa herufi kubwa zote. Zikabaki 32 za kushusha moja moja.

Nasema moja moja kwa sababu nilishawahi kuunguzwa. Miaka kadhaa nyuma, kwenye ripoti ya taasisi fulani, niliamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mpigo. Ikafanya kwa utiifu. Sentensi kumi na kitu zikaanza na herufi ndogo, jina la tume likashuka pamoja na mengine, na mkurugenzi akaniuliza kwa upole kama tulikuwa tumeishusha hadhi.

Pale neno lilipotajwa mara ya kwanza, ukurasa wa 4, niliandika: *ukimwi (Upungufu wa Kinga Mwilini)*. Mwandishi alitaka hapo tu tubaki na UKIMWI ili kirefu kieleweke kimetoka wapi, nami nikamkubalia. Ni hoja nzuri na ni mara moja. Kuanzia ukurasa wa 5 hadi wa 48, ukimwi.

Jana kijitabu kimetoka kiwandani. Jalada limepangwa kwa herufi kubwa zote, kuanzia jina la shirika hadi mwaka, na katikati, kwa wino mwekundu: TUZUNGUMZE KUHUSU UKIMWI. Dada yangu akanitumia picha yake kwa simu na maneno mawili chini: "Haya, kaka."